Picha za kompyuta au za kamera kwa kahawa yetu?

Ndugu wanachama,

Picha mpya za kahawa yetu ya Mlima Elgon zimetengenezwa kwa akili mnemba kwa sababu mavuno yamekwisha na mabango yanahitajika sasa. Kamera ingelazimika kungoja matunda yaive. Kasoro utaiona ukiikuza picha: tawi zima ni jekundu, ilhali mbuni huivisha kwa zamu, mabichi kando ya mekundu. Herufi za kwenye pakiti nazo zimepinda.

Kwa hiyo zitakaa kwenye mabango tu, chini zimeandikwa “picha ya kubuni”. Mnunuzi wa buni atatumiwa picha ya kamera, ya shehena yake hasa, gunia likiwa wazi, maana anakagua rangi na punje zilizovunjika.

Katibu