Sasa namba ya siri nimpe nani?

Nilikuja hapa kuwapa nyota moja. Njiani nikalainika, nikasema tatu. Sasa hata sijui.

Presha ya macho imelichukua jicho langu la kushoto, la kulia linaona kiasi. Mchana nakuza maandishi ya simu mpaka mwisho, usiku nasikiliza TalkBack, sauti ya simu inayonisomea kilicho kwenye skrini. Programu hii ya pesa (siitaji, wenyewe watajijua) ilinifaa vizuri mpaka walipoibadilisha miezi kadhaa iliyopita. Ukurasa wa namba ya siri ukaja na vitufe vya duara, kila tarakimu ni picha. Napitisha kidole, sauti inasema kitufe hakina lebo. Cha pili, hakina lebo. Vyote kumi na kile cha kufuta! Ningekariri mahali pake, lakini tarakimu zinachanganywa upya kila ukifungua. Nikabahatisha mara tatu, akaunti ikafungwa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja.

"Mzee, si umwambie mtu wa nyumbani akubonyezee?"

"Dada, hiyo ni namba ya siri."

"Ndiyo, lakini mtu unayemwamini."

Na asubuhi hiyohiyo walikuwa wamenitumia ujumbe: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Nilikata simu, mikono inatetemeka.

Mpwa wangu anayeandika programu akacheka. Akasema kila picha inataka maelezo yake tu, kwa kitufe cha kufuta ni mstari huu:

```
android:contentDescription="Futa"
```

Za tarakimu ndizo zinazotaka umakini, kwa sababu maelezo lazima yahame pamoja na tarakimu. Yakibaki palepale, sauti itasema saba na wewe umebonyeza mbili. Niliwaandikia yote hayo, na kusema kweli, toleo lililofuata vitufe vikaanza kuongea, tena sahihi. Siku hiyo nilivaa spika za masikioni, nikalipa umeme mwenyewe. Hapo ndipo zilipotoka zile nyota tatu.

Juzi namtumia fundi 150,000, mchana, kwa jicho. Ukurasa wa kuthibitisha unaonyesha 150,0 basi. Kisanduku kimepewa urefu na upana usiobadilika, maandishi yakikua yanakatwa. Je, ningekuwa nimeongeza sifuri kwa bahati mbaya? Nisingejua. Jina la mpokeaji lipo chini yake, la kijivu juu ya nyeupe. Mpwa alilipima, rangi ni #AAAAAA: uwiano wa mwangaza kati yake na nyeupe ni 2.3 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwafaa watumiaji wenye ulemavu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Yaani vitu viwili ambavyo mtu lazima avione kabla hajaachia pesa, ndivyo walivyovificha.

Ikabidi niwashe TalkBack mchana kweupe ili nisomewe kiasi. Kikasomwa chote, sikatai.

Nyota mbili. Na yule dada wa simu simhesabu humo.