Unajenga kompyuta ndogo ya biti 8? Poti au memori, nimezipanga kuanzia namba moja

Watu wengi wakitaka kujenga kikompyuta cha biti 8 wanaanza kuuliza prosesa gani nzuri. Mi naona ungejiuliza kwanza kifaa chako cha kuingiza na kutoa data kitakaa wapi, maana hapo ndo zinapotokea chipu za kuongeza, nyaya nyingi, na zile jioni tatu mfululizo za kutafuta kosa. Mahali ni pawili tu. Ama kifaa kinapewa adresi ndani ya memori na prosesa inakisoma vilevile inavyosoma RAM, ama kinakaa kwenye poti, yaani adresi za pembeni zinazofikiwa kwa maagizo yake maalum, `IN` na `OUT`.

Namba moja: Z80, kifaa kwenye poti

Hii ndo naipa nafasi ya kwanza, na sababu kubwa ni kwamba memori yako inabaki nzima. Nunua ROM ya 32K (28C256) na RAM ya 32K (62256), A15 ikiwa chini ni ROM, ikiwa juu ni RAM, 64K zote umetumia na hakuna kifaa kilichokuibia hata baiti moja. Kwa upande wa vifaa Z80 ina pini yake inaitwa IORQ, inashuka pale tu prosesa inapofanya `IN` au `OUT`, kwa hiyo dekoda yako haina haja kabisa ya kujua habari za memori.

Dekoda yenyewe ni chipu moja, 74HC138. Inapokea nyaya tatu, inatoa nane, na kati ya hizo nane ni moja tu inayoshuka kwa wakati mmoja. Peleka A7 kwenye C, A6 kwenye B, A5 kwenye A (usigeuze, C ndo yenye uzito mkubwa, wengi wanakosea hapa), IORQ kwenye G2A, G2B kwenye graundi, na M1 kwenye G1. Hiyo M1 ni kwa sababu Z80 ikipokea intarapti inashusha IORQ na M1 kwa pamoja, na hutaki kifaa kidhani kinaitwa. Sasa kila pini ya kutoka imebeba poti 32, Y0 ni 00h mpaka 1Fh, ukihesabu hivyo Y4 inaangukia 80h mpaka 9Fh. Chukua Y4 upeleke kwenye CS ya 82C55, hiyo ndo chipu ya poti zenyewe, A0 na A1 ziende moja kwa moja, RD na WR pia, na tayari una nyaya 24 za kuingiza na kutoa.

Nunua na 74HC04 moja, usisahau, maana riseti ya 82C55 inafanya kazi ikiwa juu na ya Z80 ikiwa chini, ukiziunganisha pamoja bila kugeuza basi moja inaamka pale mwenzake analala. Ongeza na 74HC32 ya kuchanganya A15 na MREQ, pini inayoshuka prosesa inapogusa memori, kwa ajili ya ROM na RAM. Programu ya kuwasha taa za ledi kwenye poti A (weka resista ya 1k kwa kila taa):

```
LD A,80h
OUT (83h),A   ; poti zote ni za kutoa
LD A,55h
OUT (80h),A   ; taa moja iwake, moja izime
HALT
```

Sasa kuna kitu lazima nikwambie kuhusu hizo poti 32. 82C55 ina rejista nne tu, A2 mpaka A4 hakuna anayeziangalia, kwa hiyo kila rejista inajirudia mara nane ndani ya lile eneo, 80h, 84h, 88h, 90h zote ni poti A ileile. Mimi niliongeza chipu ya siriali 16C550, waya wake nikauchukua kwenye Y5 ambayo ni A0h, halafu kwenye programu nikaandika 90h, kichwani nilishajiambia 82C55 inaishia 83h kwa hiyo 90h iko wazi. Siriali kimya kabisa. Ila kila nikiwasha bodi, mpangilio wa taa zangu ulipotea zikabaki mbili tu zinawaka, ya biti 2 na ya biti 3, na nikabadilisha nyaya za siriali wee mpaka nikachoka, kosa haliko huko. Kilichonifungua macho ni kusoma zile taa kama namba: 00001100, yaani 12, na 12 ndo namba ya kugawanya kloki ya 1.8432 MHz ili upate kasi ya 9600, maana chipu yenyewe inagawanya tena kwa 16. Data ya siriali nilikuwa naiandikia 82C55! Ile 83h niliyotuma kwenye 93h ya kufungua rejista ya kugawanya, 82C55 imeipokea kama amri ya kujipanga upya, ikazima taa zote, halafu 12 yangu ikatua kwenye poti A. Kwa hiyo ukiona kifaa kimoja kinabadilika pale unapoandikia kingine, usiguse waya kwanza, chora jedwali la maeneo ya dekoda uone adresi yako imeangukia kwa nani.

Namba mbili: 65C02, kifaa ndani ya memori

Hii haina `IN` wala `OUT`, kwa hiyo hakuna kuchagua, kila kitu ni memori. Uzuri wake inauzwa mpya kutoka kwa WDC, na kuandikia kifaa ni `STA $6000` basi. Ila adresi sasa zinagombaniwa. RAM lazima ikae chini sababu ukurasa wa sifuri na steki viko huko, ROM ikae juu sababu prosesa ikiamka inasoma FFFCh, vifaa vinabanwa katikati. Kwa 138 moja (A14 kwenye G1, A15 kwenye G2A, G2B graundi, A13 A12 A11 kwenye C B A) unapata maeneo nane ya 2K kuanzia 4000h, na ile RAM uliyoilipia 32K unatumia 16K tu. Kama programu zako ni ndogo hutaumia. Kitu kimoja uwe makini nacho, W65C51N ya siriali ina kasoro, biti ya kusema "nimemaliza kutuma" imekwama juu muda wote, inabidi uweke kusubiri kwenye programu.

Namba tatu: Z80, kifaa ndani ya memori

Inawezekana, unaiacha IORQ bila kazi. Unapata `SET` na `RES` za kugusa biti moja ya kifaa, hilo ni zuri kweli. Lakini ukitaka kuchukua baiti 256 za juu tu unahitaji 74HC30 ya kutambua A8 mpaka A15 zote ziko juu, na pia uizime RAM wakati huo la sivyo zote mbili zitaongea kwenye nyaya za data. Na mwendo hupati, `LD (nn),A` ni hatua 13 za kloki, `OUT (n),A` ni 11.

Kabla hujalipia Z80

Zilog, watengenezaji wa Z80, walitangaza mwaka 2024 kusitisha Z84C00, yaani Z80 ya CMOS, kwa hiyo nyingi unazokuta mtandaoni ni za stoo au zimetolewa kwenye bodi za zamani, na maandishi ya juu yanaweza kuwa yamepigwa upya. Ya CMOS na ya NMOS unazitofautisha kwa bodi hiyohiyo. Endesha ile programu ya 55h ujue bodi ni nzima, kisha hii, ile DB ni agizo lisilo rasmi ambalo aina hizo mbili zinalitekeleza tofauti:

```
LD A,80h
OUT (83h),A
LD C,80h
DB 0EDh,71h
HALT
```

Taa zote zikiwaka, poti imepokea FFh, una CMOS kweli. Zote zikizima imepokea 00h, hiyo ni NMOS hata kama juu imeandikwa Z84C00. Si lazima uitupe, ila volti zake za juu zinaweza zisitoshe kwa 74HC138, weka 74HCT138 mahali pake, na hizo 04 na 32 nazo chukua za HCT.