Solventi ya kupimia mafuta ghafi: ipi ununue kama uko Tanga

Wadau mnaopima mafuta kwenye mashudu, dagaa na chakula cha kuku, hela nyingi inaendaga kwenye Soksileti yenyewe alafu solventi mtu anachukua yoyote ya bei ya chini, sasa majibu yanaharibikia hapohapo. Mi napima mashudu ya nazi hapa Tanga, na nimepanga hizi tatu kwa hali ya huku kwetu, yaani joto na maji ya bomba yaliyokaa kwenye tangi juu ya bati.

Ya kwanza ni petroli etha ya 40-60. Usichanganye na petroli ya sheli, hiyo ina viungo vinavyobaki kwenye chupa na vinahesabika kama mafuta. Namba 40-60 ni nyuzi joto inazochemkia, kwa hiyo inatoka haraka kwenye chupa na haikuachi na wasiwasi wakati wa kukausha. Tatizo lake Tanga ni kondensa, mchana maji yakishapata moto mvuke unapita juu bila kupoa vizuri na utaona solventi kwenye chupa inapungua wakati hujaimwaga. Mi naweka ndoo ya maji yenye barafu ya wauza samaki na pampu ndogo ya akwariamu inazungusha maji, basi.

Ya pili heksani, inachemka kwenye 69 hivi. Kama huna barafu we nunua hii, haipotei ovyo. Ila inang'ang'ania kwenye mafuta, inataka muda zaidi wa kukausha, na ukiwa na haraka utauza heksani ukidhani ni mafuta.

Ya mwisho dayethili etha, japo vitabu vingi vya zamani vinaitaja hiyo. Inachemka kwenye 34.6, na stoo zetu Januari zinakaribia hapo kabisa! Tena ikishafunguliwa na kukaa inatengeneza peroksaidi ambazo zinaweza kulipuka ukiikausha, na inanyonya maji, maji yanabeba sukari na chumvi kidogo, jibu linapanda. Inunue tu kama mteja amekuandikia njia inayoitaka, chupa ndogo, ya kutumia ikaisha.

Sasa kabla hujalipia galoni, omba sampuli. Chukua mililita 100, zivukize kwenye chupa uliyokwisha ipima, kausha, pima tena. Isiache zaidi ya miligramu 2. Niliwahi kuletewa heksani ya pipa iliyoacha miligramu 14, mi natumia mililita 150 kwa mzunguko kwa hiyo ni miligramu 21 za uchafu, na kwa sampuli ya gramu 3 hiyo ni asilimia 0.7 ya mafuta ambayo mashudu hayana. Niliirudisha.

Nikupe kazi moja nzima, kwa heksani safi. Mashudu niliyakausha kwanza maana yakiwa na maji heksani haiingii ndani na jibu linashuka. Nikaweka gramu 3.012 kwenye kile kikombe cha karatasi, pamba juu, chupa tupu kavu ilikuwa gramu 105.4216. Nikachemsha masaa sita, nikatoa solventi, iliyobaki nikaivukiza kwenye hita ya umeme chini ya feni ya kutolea hewa nje mpaka harufu ikaisha, hapa naomba sana, chupa yenye mvuke usiiingize kwenye oveni, inalipuka, na moto wa wazi usiwepo kabisa chumbani.

Oveni nyuzi 103, saa moja, desiketa nusu saa, 105.7012. Ningeishia hapo ningeandika asilimia 9.28. Nikarudisha nusu saa, 105.6894, yaani karibu miligramu 12 zilikuwa heksani. Nusu saa tena, 105.6889, tofauti nusu miligramu, hapo uzito umetulia. Nikajaribu mara ya nne ikapanda mpaka 105.6897, hiyo siyo kosa la mzani, mafuta yameanza kushika oksijeni ya hewa, kwa hiyo unachukua namba ya chini kabisa. Mafuta gramu 0.2673, gawa kwa 3.012, asilimia 8.87.

Chupa ishike kwa koleo, mafuta ya vidole mzani unayaona. Na usiipime ikiwa bado ya moto, hewa inayopanda inainyanyua na utasoma pungufu, ila pia usiiache nje ya desiketa ukapiga stori, unyevu wa bahari huku kwetu unaikalia kwenye kioo na namba inapanda huku unaiangalia.

Kwa muuzaji uliza vitu viwili tu: inachemka kuanzia ngapi mpaka ngapi, na inaacha mabaki kiasi gani kwa lita. Isizidi miligramu 20 kwa lita, na iwe imeandikwa kwenye lebo au cheti chake. Akikujibu "ni safi tu hiyo", rudi na chupa yako ya mililita 100 uipime mwenyewe.