Seti ya kromatografia ya karatasi kwa asidi amino: uzoefu wangu na juisi ya zabibu za Dodoma

Naipa nyota tatu kati ya tano. Karatasi na mtungi ni vizuri, ninhidrini inayoyatia rangi madoa ya asidi amino ni safi, lakini kiyeyusho kilichochanganywa tayari ni cha kumwaga, na sampuli za rejea hazimfai mtu anayetaka kupima zabibu. Nimeitumia hapa Dodoma kwa juisi ya zabibu nyekundu, kwa hiyo nitaeleza hiyo tu.

Ndani ya boksi kuna mtungi wa kioo wenye kifuniko, karatasi za Whatman namba 1 zilizokwisha kukatwa, mirija myembamba ya kapilari, chupa ya kupulizia, gramu moja ya ninhidrini, kiyeyusho, na chupa sita za rejea: glisini, alanini, leusini, lisini, asidi aspatiki na asidi glutamiki. Prolini haimo. Arjinini nayo haimo. Katika juisi ya zabibu hizo mbili ndizo huwa nyingi kuliko zote, kwa hiyo nimelazimika kuzinunua pembeni na kutengeneza myeyusho wa miligramu 1 kwa mililita 1 ya maji.

Kuhusu kiyeyusho, nusa kabla ya kutumia. Mchanganyiko ni biutanoli, asidi asetiki na maji. Ukikaa muda mrefu, hasa ukisafirishwa kwenye joto, asidi na biutanoli huungana na kuwa esta, na utasikia harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva sana. Chupa yangu ilinuka hivyo. Leusini, ambayo kwa kiyeyusho kipya huishia karibu na Rf 0.73, yaani umbali wa doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyusho, ilisimama chini zaidi, na nyingine zote zikahama nayo. Changanya mwenyewe siku hiyohiyo: biutanoli mililita 60, asidi asetiki isiyochanganywa maji mililita 15, maji yaliyokenekwa mililita 25. Tikisa, na kama ni sahihi utapata kimiminika kimoja kisichojitenga tabaka.

Mstari wa mwanzo uchorwe kwa penseli, sentimita 2 kutoka ukingo wa chini. Wino wa kalamu utapanda pamoja na kiyeyusho na kuchafua kila kitu. Kamata karatasi kwa pembe zake au vaa glavu. Jasho la vidole lina asidi amino, na ninhidrini itakuonyesha alama zako za vidole zambarau kabisa, wakati mwingine juu ya doa ulilokuwa ukilitafuta. Weka tone dogo, likauke, kisha ongeza jingine mahali palepale hadi mikrolita 2 au 3. Doa lisizidi milimita 3 kwa upana, maana doa pana mwanzoni huwa pana zaidi mwishoni.

Kiyeyusho kiwe na kina cha sentimita 1 ndani ya mtungi, chini ya mstari wa mwanzo. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Juni, na mtungi usiposhiba mvuke wa kiyeyusho, karatasi hukauka pembeni wakati inapanda na madoa ya kando yatakwenda tofauti na ya katikati. Mimi naweka kipande cha karatasi ya kuchuja kikiegemea ukuta wa mtungi, kikiloa kiyeyusho, nafunga kwa nusu saa ndipo naingiza karatasi ya kazi. Kupanda sentimita 12 huchukua kama saa tatu au nne. Ukiitoa, piga mstari wa penseli haraka pale kiyeyusho kilipofika, kabla hakijakauka.

Sasa kunyunyizia. Maelekezo yanasema ninhidrini asilimia 0.2 katika asetoni, yaani gramu 0.2 kwa mililita 100. Kwa hewa yetu asetoni hukauka ikiwa bado angani, na karatasi inapokea vumbi la ninhidrini badala ya unyevu. Matokeo ni rangi ya mabaka. Nimebadilisha asetoni kwa ethanoli ya asilimia 95 na rangi imekuwa sawasawa. Nyunyizia nje au penye hewa, mbali na moto, karatasi ilowane bila kuchuruzika. Acha ethanoli ipotee kabisa ndipo uiweke kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa dakika tano. Zaidi ya hapo karatasi nzima huanza kuwa ya waridi na madoa hafifu humezwa.

Hapa ndipo wengi hupoteza prolini. Asidi amino karibu zote hutoa zambarau, lakini prolini hutoa njano, na njano kwenye karatasi nyeupe haionekani vizuri chini ya taa. Ishike karatasi dhidi ya dirisha mara tu inapotoka kwenye oveni na uzungushie kila doa penseli.

Karatasi yangu moja ilikuwa hivi. Kiyeyusho kilipanda sentimita 12.0. Rejea ya arjinini ilifika 2.4, ya alanini 4.6, ya prolini 5.2. Gawanya kwa 12 upate Rf: 0.20, 0.38 na 0.43. Juisi ilitoa doa la zambarau lililovutika kama mkia kati ya 2 na 3, doa dogo la zambarau kwenye 4.5, na la njano kwenye 5.1. La njano ni prolini bila ubishi mkubwa, kwa sababu umbali na rangi vyote vimelingana na rejea iliyokuwa kando yake kwenye karatasi hiyohiyo. Jedwali la Rf lililochapwa kwenye kijitabu msilitegemee. Joto la chumba, maji kwenye karatasi na umri wa kiyeyusho vyote husogeza namba.

Mkia ule wa chini una sababu yake. Juisi ya zabibu ina sukari nyingi, na katika kiyeyusho hiki glukosi na fruktosi nazo huishia karibu na Rf 0.2, palepale penye arjinini. Sukari hulijaza eneo hilo na kulivuruga. Prolini hupona kwa kuwa inapanda juu yake. Basi kwa prolini juisi ya kawaida iliyochujwa inatosha, ila kwa arjinini itabidi uipitishe kwanza kwenye resini ya kubadilisha ioni chanya: asidi amino hushikwa, sukari huoshwa na maji, kisha asidi amino hutolewa kwa amonia. Seti haina resini hiyo. Kulaza juisi kwenye ethanoli, kama kijitabu kinavyopendekeza, huondoa pektini na protini, lakini sukari hubaki.

Kama una shaka kuhusu alanini, ambayo iko jirani sana na prolini, weka doa la tatu lenye juisi na rejea ya alanini pamoja. Doa likibaki moja, la duara na likazidi kukoza, huenda ni yenyewe. Yakitokea mawili, sivyo. Leusini na isoleusini hazitenganishwi na kiyeyusho hiki, hata ukirudia mara kumi.

Madoa ya zambarau hufifia kwa siku chache. Kwa wenye kutaka kuyatunza, nyunyizia nitrati ya shaba iliyoyeyushwa katika ethanoli pamoja na asidi naitriki kidogo, na zambarau itageuka nyekundu-machungwa inayodumu zaidi. La prolini halibadiliki hivyo, kwa hiyo piga picha mapema.