Boksi la picha la sentimita 30: chupa haienei!

Mambo vipi wadau, karibuni tena chaneli yetu. Leo nimekuja na hasira kidogo, mtanivumilia. Hiki mnachokiona mezani ndicho kile kistudio cha kukunja, boksi jeupe lenye taa za LED darini. Unachomeka waya kwenye pawabenki, kinawaka. Mmeniomba sana nikichambue. Sitawasomea yaliyoandikwa kwenye kasha, mengi mnayajua. Kubwa ni kwamba kina sentimita 30 kila upande. Nimekinunua Kariakoo kwa 35,000, na muuzaji akaniapia kabisa kwamba kinafaa bidhaa yoyote. Yoyote! Haya, twende.

Hii ni chupa ya kioo ya mafuta ya nazi, lita moja, ina kimo cha sentimita 25 pamoja na kifuniko. Naisimamisha katikati. Mmeona kifuniko kilivyokaribia dari? Zimebaki sentimita 5 tu. Sasa napiga. Njooni karibu mwone... kifuniko kimeungua kwa mwanga, kimekuwa cheupe pee, hata rangi yake huijui. Kitako huku chini kina giza. Taa iko puani mwa kifuniko lakini iko mbali na kitako, na mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyoachana na taa. Ukipunguza mwanga kwenye simu ili kuokoa kifuniko, lebo inazama gizani. Ukiongeza ili lebo isomeke, kifuniko kinapotea. Chagua shida yako.

Halafu tazameni hapa begani mwa chupa. Hivi vidoa vyeupe vilivyopangana kama shanga ni taa zenyewe, moja moja, zinajiangalia kwenye kioo. Sabuni iliyofungwa kwa karatasi haina tatizo hilo. Kioo, sufuria, kitu chochote kinachong'aa, kitakuonyesha kila kilichopo mbele yake. Na kabla hamjaniambia "kaka, tumia ile taa ya duara," nayo ninayo, na kwenye chupa inachora pete nyeupe katikati ya lebo. Ile taa ni ya sura za watu, iacheni huko.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni hiki, na hiki sijaona mtu akikisema. Picha ya tangazo haikai mahali pamoja. Itakwenda stori, itakwenda stetasi ya WhatsApp, itakwenda kwenye ukurasa wa Instagram. Tangazo la stori ni refu, 9:16, yaani pikseli 1080 kwa 1920, na juu linakaa jina la akaunti, chini kinakaa kitufe cha kubonyeza. Meta wanashauri uache wazi karibu 14% juu na 20% chini. Toa hizo, unabakiwa na 66%, theluthi mbili ya kimo cha picha. Chupa yako nzima, pamoja na kifuniko, ikae humo.

Sasa tupige hesabu. Chupa ya sentimita 25 ikikaa kwenye theluthi mbili, picha nzima inabeba sentimita 37 na nusu. Boksi lina 30. Narudi nyuma ili nipate nafasi hiyo, oneni kinachotokea: juu zimeingia taa, chini umeingia ukingo wa boksi na kitambaa cha meza ya mama watoto. Nikisogea mbele kuvificha, jina la duka linakaa juu ya kifuniko na kitufe kinafunika lebo. Kwa hiyo kwa hesabu hiyo hiyo, bidhaa ndefu kabisa unayoweza kuiweka humu ni ya sentimita 20, na mimi ningeishia 15 ili taa zisiiunguze. Heleni, bangili, saa, kopo la krimu, hapo sina neno. Tena kwa heleni nitakisifia, usiku umeme ukikatika unapiga picha zako na pawabenki bila presha. Sijakitupa, mke wangu anauza heleni, amekwisha kukitaifisha.

Kabla sijaendelea, tangazo dogo: kuanzia wiki ijayo video zinatoka Alhamisi badala ya Jumapili. Jumapili mnakuwa harusini, nimeona.

Kwa wenye chupa, fanyeni hivi. Nimenunua manila nyeupe kubwa, bei yake huwezi kuilinganisha na boksi. Ncha moja naibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, nyingine naiachia ilale mezani, pale katikati ipinde yenyewe. Usiikunje! Ukiikunja utapata mstari nyuma ya chupa na hautoki. Dirisha liko ubavuni, jua halipigi moja kwa moja, na nimevuta pazia jepesi jeupe. Zima taa ya chumba, la sivyo upande mmoja utakuwa wa njano na mwingine wa bluu. Upande wa pili wa chupa nasimamisha kipande cha manila kirudishe mwanga.

Sasa mafuta yenyewe yanaonekana mazito, yamefifia, kwa sababu mwanga unaopita ndani ya chupa ni mdogo. Nakata kikaratasi cheupe, chembamba kuliko chupa, nakiegemeza nyuma yake, nakielekeza dirishani mpaka... hapo! Mmeona mafuta yalivyowaka? Wa Arusha na Njombe, mafuta ya nazi yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda na kuwa meupe, kwa hiyo loweka chupa kwenye maji ya vuguvugu kwanza, kisha ifute mpaka ikauke.

Simu iwe umbali wa mita moja, tumia 2x. Ukiikaribia mno chupa inavimba begani na kitako kinasinyaa. Gusa lebo kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka ijifunge, kisha pandisha kile kialama cha jua kidogo, kwa sababu simu ikiona weupe mwingi huwa inaufanya kijivu. Acha ukiona manila imekuwa nyeupe na maandishi ya lebo bado ni meusi.

Piga wima kwa 3:4, chupa katikati, theluthi mbili ya kimo, nafasi ya chini iwe kubwa kidogo kuliko ya juu. Tuseme picha yako ni pikseli 3000 kwa 4000. Ukikata 9:16 unabaki na kimo chote na upana wa 2250, chupa imekaa salama. Ya mraba unakata 3000 kwa 3000, chupa ina kama 2640, inaenea bado. Ile ya 4:5 ya Instagram unapunguza juu na chini kidogo tu. Picha moja imetoa matangazo matatu. Kila moja ikate kutoka kwenye picha ya awali, usikate iliyokwisha katwa, na usichukue iliyopita WhatsApp, imeshabanwa.

Kuna watu wataniambia Snapseed ina Expand, inaongeza mandhari pembeni. Ipo, ninaitumia. Ila ukichagua White na manila yako ni ya kijivu kidogo, kiungo kinaonekana, angalia kwa kuikuza picha kabla hujailipia tangazo.

Wenye sufuria na birika za kung'aa, niandikieni hapo chini mna dirisha la upande gani, Alhamisi naanza na hizo.