Uzoefu wangu na CovPassCheck: tarehe ya Juni iliyotaka kumponza shemeji

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya tiketi hapa Mombasa, na dada yangu ameolewa Ujerumani. Februari 2022 yeye na mumewe walikuwa wanakuja nyumbani wiki mbili, kuanzia tarehe 20 hadi 6 Machi. Alinitumia skrinishoti mbili kwa WhatsApp na sauti fupi: "Mdogo wangu, hebu nitazamie cheti cha chanjo cha shemejiyo. Mimi nimeona kimeandikwa mpaka Juni, nadhani hakina shida."

Picha ya kwanza ilikuwa ya msimbo wa QR peke yake, juu imekatwa. Ya pili ilikuwa ukurasa wa maelezo: jina la shemeji, tarehe ya kuzaliwa, chanjo ya korona ya Comirnaty, dozi 2/2, tarehe ya dozi ya mwisho 2 Juni 2021, mtoaji taasisi ya afya ya umma ya Ujerumani, Robert Koch-Institut, nambari ndefu inayoanza na URN:UVCI, na chini kabisa tarehe ya kuisha, katikati ya Juni 2022.

Nilitumia CovPassCheck, iliyokuwa programu ya bure ya Wajerumani ya kukagulia vyeti hivi. Haikukubali kufunguliwa picha ndani yake, ilisoma kwa kamera tu, kwa hiyo nilifungua skrinishoti kwenye kompyuta ya ofisi nikaielekezea simu. Mara tatu ilikataa. Msimbo wa vyeti vya Ulaya una vidoto vingi sana kwa sababu maelezo yote yamo humo humo, na ile picha ilikuwa imekatwa hadi kwenye vidoto vyenyewe, pambizo jeupe la pembeni halipo. Nikamwomba dada aitume upya bila kuikata, kama faili badala ya picha, maana WhatsApp huifinya picha ikapoteza makali. Hiyo mpya ikasomeka papo hapo.

Rangi ya kijani, cheti halali. Jina lililotokea chini yake likawa la dada yangu.

Haikuwa hila. Programu ya CovPass waliyotumia wao iliweka vyeti vya familia nzima kwenye simu moja, na kidole kikiteleza pembeni ulihamia cheti cha mwenzako. Msimbo ulikuwa wa dada, ukurasa wa maelezo wa mumewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa vitendo jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa kusoma tu: maandishi yanayozunguka msimbo kwenye skrinishoti hayathibitishi chochote. Mtu anaweza kuyabadilisha kwa programu yoyote ya kuhariri picha. Kilichotiwa saini ni kile kilichomo ndani ya msimbo peke yake.

Ukiuskani kwa kamera ya kawaida utaona utitiri wa herufi na tarakimu unaoanza hivi:

```
HC1:
```

Hicho si kiungo cha kukupeleka kwenye tovuti. Ni cheti chenyewe, kimefinywa na kutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa nchi iliyokitoa. Programu ya ukaguzi ina orodha ya funguo za wazi za nchi zote zilizomo kwenye mfumo wa vyeti wa Umoja wa Ulaya, na kazi yake ni kuangalia kama saini inaoana na ufunguo mmojawapo. Herufi moja ikibadilishwa ndani, saini inavunjika. Ndiyo maana inafanya kazi hata bando likiisha, mradi orodha ya funguo imesasishwa karibuni. Na ndiyo maana skrinishoti ya cheti cha Ulaya hukaguliwa sawasawa na cheti kilicho kwenye simu ya mwenyewe.

Lakini saini inasema mambo mawili tu: nchi fulani ilitoa cheti hiki, na hakijaguswa tangu hapo. Haisemi aliyeshika simu ndiye mwenye cheti. CovPassCheck ilionyesha jina na tarehe ya kuzaliwa, haikuonyesha chanjo wala dozi, kwa sababu anayekagua alitakiwa kulinganisha na pasipoti, basi. Wala haisemi kwamba aliyeingiza maelezo mwanzoni alisema kweli. Oktoba 2021 ulisambaa Ulaya msimbo wenye jina la Adolf Hitler, na programu za ukaguzi ziliupokea kuwa halali mpaka ulipofutwa. Saini ilikuwa sahihi, mtu ndiye wa uongo.

Dada akatuma msimbo wa shemeji. Kijani tena, na jina lake. Herufi ya ö kwenye jina lake la ukoo imeandikwa OE, jambo ambalo lilimtia dada wasiwasi, lakini ndivyo inavyoandikwa pia kwenye mistari miwili ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine. Linganisha na mistari hiyo.

Sasa ile tarehe ya Juni. Hiyo ni tarehe ya kuisha kwa saini, siyo ya chanjo. Cheti cha Kijerumani kilitiwa saini ya takriban mwaka mmoja tangu siku ya kutolewa, baada ya hapo ulikifanya upya ndani ya programu. Ukomo wa chanjo kukubalika ni jambo lingine, linaamuliwa na sheria ya kule unakoingia, na halimo ndani ya msimbo kabisa. Tangu 1 Februari 2022, Umoja wa Ulaya ulihesabu siku 270 tangu dozi ya mwisho ya mfululizo wa kwanza wa chanjo, kwa asiyepata busta.

Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Kutoka 2 Juni 2021, siku ya 270 ni 27 Februari 2022. Siku niliyoskani, 9 Februari, ilikuwa siku ya 252. Siku ya kutua Mombasa ingekuwa ya 263. Siku ya kurudi, 6 Machi, ingekuwa ya 277. Yaani shemeji angekuja na cheti kinachokubalika Ulaya, na kingepitwa na siku zake akiwa ufukweni Nyali, huku mstari wa chini ukiendelea kusema Juni.

Hapa ndipo ninapoilaumu programu. Ilihukumu siku ya kukagua tu, kwa kanuni zake za Ujerumani, na kijani chake kilimfanya mtu adhani safari nzima iko salama. Kipimo cha tarehe ya safari kilikuwepo, lakini kilikuwa kwenye CovPass, ile ya mwenye cheti: ulichagua nchi na siku, ikakuambia kama utakubaliwa. Nilimwambia dada achague Ujerumani na 6 Machi. Baada ya dakika chache akanipigia, sauti imebadilika: "Ala! Kweli imekataa."

Shemeji alipata busta kabla ya safari, akapewa msimbo mpya wa 3/3, ambao Ulaya haikuuwekea ukomo wa siku kwa safari. Nikauskani nao: jina lake, kijani.

Mfumo wa Ulaya ulimaliza muda wake 30 Juni 2023, na Shirika la Afya Duniani likauchukua uwe msingi wa mtandao wake wa vyeti vya afya. Wakati vyeti hivyo vikitumika niliendelea kutumiwa skrinishoti na wateja, na mpangilio ulikuwa ule ule. CovPassCheck naipa nyota nne kwa kazi yake ya saini. Tarehe nilihesabu mwenyewe, kwa kalenda, nikianza na siku ya kurudi.