Mashine ya mkono ya matofali ya kufungamana: kagua mfuniko kabla ya kuuliza bei

Wasomaji wengi wanaofyatua matofali ya kufungamana kwa biashara wananiandikia wakilalamika kwamba fundi aliyapokea, akapanga kozi chache, kisha akayakataa. Wanaulaumu udongo, au saruji, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye mfuniko wa mashine.

Tofali linalosambazwa na NHBRA, wakala wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi wa Tanzania, lina urefu wa milimita 300, upana wa 150 na kimo cha 100, nalo hupangwa bila mota, hivyo fundi hana pa kusawazishia kasoro. Kona moja ikijengwa kwa matofali ya milimita 100 na nyingine kwa ya 102, ifikapo kozi ya 24 kona hizo zitapishana kwa karibu sentimita 5. Tofauti hiyo huletwa na bamba jembamba la mfuniko linalobinuka, au pini za bawaba zilizolika hadi mfuniko unacheza. Kabla ya kulipa, fyatua matofali 10 kwa udongo wako na upime kimo cha kila moja kwenye pembe zote nne. Pembe ileile ikizidi kila mara, mashine ndiyo mbovu. Pembe ikibadilikabadilika, tatizo ni anayejaza udongo.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya mfano wa NHBRA, bila kusita, kwa sababu vikundi vingi vya vijana vimefundishwa kuitumia na mafundi wanakifahamu kipimo chake. Ya pili ni Makiga ya Nairobi, ila kwa mnunuzi wa Tanzania vipuri viko mbali. Nakala za karakana za mtaani ni rahisi, nami nazikubali tu iwapo zinafaulu jaribio la pembe nne.

Kuhusu soko, usihesabu kila msingi unaouona. Msingi ulioota majani hauna mteja wa karibuni; hesabu ule wenye lundo jipya la mchanga, kisha umuulize fundi wake kama amewahi kujengea matofali ya kufungamana, kwa kuwa asiyeyajua atamshauri mwenye nyumba achukue ya saruji ya inchi 6. Nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye kuta za nje za mita 2.4, inahitaji takribani matofali 2,850 kabla ya kutoa milango na madirisha.

Ninachowalaumu wauzaji ni kutangaza idadi ya matofali kwa siku huku wakimkataza mnunuzi kujaribu, na kuuza mashine bila pini za akiba. Mteja anayerudi baada ya pini kulika huambiwa anunue mfuniko mzima, wakati pini hiyo fundi wa kuchonga vyuma angeweza kuichonga iwapo angepewa vipimo vyake.